Vikorokoro vya Kuondoa na Bei za Kuandika: Namna ya Kumwagiza Fundi wa Picha

Baadhi ya vyama vyetu vya msingi vyenye wanachama wauzao nafaka sokoni vimeanza kuwapelekea wanunuzi wakubwa, kama vile shule za bweni na hoteli, picha ya kizimba cha mwanachama pamoja na bei za bidhaa zake. Picha hiyo hupigwa kwa simu, kisha hukabidhiwa fundi wa picha wa kujitegemea, yaani mtu asiyeajiriwa na chama wala na duka lolote, ambaye hulipwa kwa kazi moja moja. Fundi huyo hufuta vitu visivyotakiwa kuonekana na kuweka vibao vipya vya bei. Mara nyingi hajapata kufika kwenye kizimba chenyewe. Anachokijua ni picha aliyotumiwa na maneno aliyoandikiwa, basi.

Kwa sababu hiyo, maneno hayo yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia katika hati ya kupokelea mazao. Makala haya yanaeleza namna mwenye kizimba anavyopaswa kuandika maagizo yake, kitu gani kiruhusiwe kufutwa na kipi kisiguswe, na jinsi ya kuikagua kazi kabla ya kuilipia.

Shauri la mchele wa magunia mawili

Katika ukaguzi wa vitabu vya chama kimoja nilikuta deni la shilingi 120,000 lililokuwa likibishaniwa baina ya mwanachama mwenye kizimba cha nafaka na shule moja ya bweni. Mwanachama huyo alikuwa ametuma kwa fundi maagizo mafupi. Aliandika kwamba vikorokoro vyote vya mezani viondolewe, picha ipendezeshwe, na bei mpya ziwekwe, ambapo mchele wa kulia ni 3,000 na mchele wa kushoto ni 2,200.

Mama huyo, kama wauzaji wote, husimama nyuma ya meza akiwakabili wateja. Mchele mzima ulikuwa mkono wake wa kulia, na mchele wa chenga mkono wake wa kushoto. Lakini picha ilipigwa kutoka mbele ya meza. Kwa mtu anayeitazama, mchele mzima uko kushoto na chenga iko kulia. Fundi alifuata maneno kama yalivyoandikwa. Akaweka 3,000 juu ya chenga na 2,200 juu ya mchele mzima, na kwa kuwa hakuambiwa jina la kila aina, vibao vyote viwili vikasomeka "Mchele" tu.

Mtunza stoo wa shule aliitazama picha, akaona mchele mzima kwa shilingi 2,200 kwa kilo, akaagiza kilo 150. Kwa hesabu yake alitakiwa kulipa shilingi 330,000. Kwa hesabu ya mwenye kizimba, mchele ule ulikuwa wa shilingi 450,000. Tofauti ndiyo ile 120,000. Shule ilitoa picha kama ushahidi, na mwanachama hakuwa na la kujibu, kwa maana bei ilikuwa imeandikwa wazi na picha ilitoka kwake mwenyewe. Mwishowe alikubali kuibeba hasara hiyo.

Halikuishia hapo. Agizo la kuondoa "vikorokoro vyote vya mezani" lilimfanya fundi aifute mizani pamoja na stika yake ya ukaguzi. Nalo neno "ipendezeshwe" lilimfanya aung'arishe mchele hata ukaonekana mweupe kuliko ulivyokuwa. Shule ikauliza, kwa haki kabisa, mzigo ulipimwa kwa mizani gani, na kwa nini mchele uliofika haufanani na wa kwenye picha.

Katika yote hayo fundi hakudanganya wala hakuzembea. Alitenda alivyoagizwa. Kasoro ilikuwa katika maagizo, na kasoro za namna hiyo zinazuilika.

Kufuta kitu katika picha ni kufanya nini

Mwenye kizimba akielewa kazi ya fundi, ataandika maagizo yaliyo bora. Simu inapopiga picha ya ndoo iliyo mbele ya gunia, haihifadhi popote sura ya gunia iliyojificha nyuma ya ndoo. Fundi akiifuta ndoo panabaki pengo, naye hana budi kulijaza pengo hilo kwa kitu fulani. Kwa kawaida huchukua kipande cha picha kilicho jirani, kama vile udongo, ukuta au kitambaa cha gunia, akakinakili hapo. Siku hizi ziko pia programu zinazobuni zenyewe kijazio cha pengo, lakini nazo hubuni tu, kwa kuwa hazikuona kilichokuwa nyuma.

Kutokana na hayo tunapata kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba kitu kidogo kilichoegemea mahali pa sura moja, kama ufagio ulioegemea ukuta mtupu, hufutika vizuri na bila madhara. Ya pili ni kwamba kitu kilichofunika bidhaa yenyewe hakifai kufutwa. Kopo lililolala juu ya karanga likifutwa, karanga zitakazoonekana mahali pake si karanga zilizopo gunani, bali ni za kuchorwa. Mnunuzi atakuwa anaonyeshwa bidhaa isiyokuwapo. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: kopo liondolewe kwa mkono, picha ipigwe upya.

Mafungu matatu ya vitu

Kabla ya kuandika lolote, mwenye kizimba aitazame picha yake polepole kutoka pembe moja hadi nyingine, na kila kitu anachokiona akitie katika mojawapo ya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vitu vya kuondolewa kwa mkono kabla ya kupiga picha upya. Humo vimo vitu vyote vilivyofunika bidhaa, pamoja na vibao vya zamani vya boksi vilivyochomekwa ndani ya nafaka. Vimo pia vitu ambavyo kuwapo kwake kizimbani ni kosa. Kwa mfano, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Mwanachama aliyetundika mifuko hiyo kwenye nguzo hawezi kujiokoa kwa kumwomba fundi aifute. Picha itakuwa safi lakini mifuko itaendelea kuning'inia, na ofisa atakayekuja hatakuja kutazama picha.

Fungu la pili ni la vitu ambavyo fundi anaweza kuvifuta au kuvikata. Hivi ni vitu visivyohusu bidhaa, bei wala kipimo, ambavyo huisonga picha na kuvuta macho bure: ndoo ya maji, ufagio, kreti tupu ya soda, tangazo lililochanika ukutani, baiskeli ya jirani. Wamo vilevile watu waliopita kwa bahati. Sura ya mteja, na zaidi ya yote sura ya mtoto, haifai kutumika katika tangazo la biashara bila ridhaa, na tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la adabu peke yake. Mtu aliye ukingoni mwa picha akatwe pamoja na ukingo huo. Aliye katikati asifutwe, bali picha ipigwe upya akishaondoka.

Fungu la tatu ni la vitu ambavyo fundi haruhusiwi kuvigusa kabisa, navyo ni vyote ambavyo mnunuzi huvitumia kuamua. Mizani na stika ya Wakala wa Vipimo ibaki ilivyo, kwa sababu ndiyo alama ya kwamba mizani hiyo imehakikiwa. Endapo stika imepitwa na wakati, mwenye kizimba apeleke mizani ikahakikiwe, wala asimwombe fundi afiche tarehe. Rangi ya nafaka isibadilishwe. Punje zilizovunjika zisiondolewe, wala kilele cha gunia kisiinuliwe ili lionekane limejaa zaidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, ubora au kiasi cha bidhaa, nayo haitofautishi upotoshaji wa mdomo na upotoshaji wa picha.

Atakayesitasita kuhusu kitu fulani ajiulize: mnunuzi akifika kizimbani na kukikuta kitu hiki, atasema amedanganywa? Hakuna atakayelalamika kwa kukuta ndoo ya bluu. Lakini akikuta chenga mahali alipoonyeshwa mchele mzima, atalalamika.

Kuonyesha mahali pa kitu

Shauri tulilolisimulia lilizaliwa na maneno "kulia" na "kushoto". Maneno hayo yanafaa kutumika, ila sharti maagizo yaanze kwa kutaja ni kulia kwa nani. Kanuni tuifuatayo iwe moja kwa wote: kulia na kushoto ni kwa mtu anayeitazama picha. Mwenye kizimba aandike maagizo huku ameishika picha mkononi, wala si huku amesimama nyuma ya meza yake akikumbuka vitu vilivyopangwa.

Hata hivyo, kuhesabu ni bora kuliko kutaja upande. Magunia yapewe namba kuanzia kushoto mwa picha, na kila namba itajwe pamoja na jina kamili la kilichomo. Fundi akiona kwamba namba na jina havipatani na anachokiona, atauliza. Hapo kosa linanaswa mapema. Kwa kitu cha kufutwa, yatajwe mambo matatu: rangi au umbo lake, kitu kilicho karibu nacho, na kinachopaswa kuonekana mahali pake kikishaondoka.

Bei ni ahadi

Kibao cha bei kina sehemu tatu ambazo hazitengani: jina la bidhaa pamoja na daraja lake, kiasi cha fedha, na kipimo. Kibao kinachosema "Maharage 2,900" kina sehemu moja na nusu tu. Hakisemi maharage ya aina gani, wala hakisemi kama ni kwa kilo, kwa kisado au kwa debe. Mnunuzi mmoja atasoma kilo na mwingine atasoma kisado, kila mmoja kwa manufaa yake.

Maneno ya kila kibao yaandikwe katika maagizo herufi kwa herufi ndani ya alama za mtajo, naye fundi aambiwe ayanakili kama yalivyo. Asiachiwe kukisia. Tarakimu zichaguliwe namna moja ya kuziandika, kwa mfano "Sh. 3,000", na namna hiyo itumike katika vibao vyote. Picha ambayo kibao kimoja kinasema "3,000/=", kingine "3000" na kingine "3.0" huzua maswali yasiyo na maana.

Tena bei ina umri. Picha ikishatumwa kwa simu hairudi. Itapita mkono hadi mkono, na mnunuzi anaweza kuileta baada ya miezi minne akidai bei ya zamani. Kwa hiyo chini ya picha paandikwe tarehe ambazo bei hizo zinatumika. Mwenye kizimba aombe pia faili ambalo vibao vimewekwa katika matabaka yaliyo mbali na picha yenyewe. Akiwa na faili hilo, bei zikibadilika fundi atabadili maandishi tu, kazi ya muda mfupi, na si kuanza upya.

Mfano wa maagizo kamili

Baada ya lile shauri, mwanachama yule aliondoa mifuko na vibao vya boksi kwa mkono, akapiga picha mpya, na akaandika maagizo mengine. Tunayachapa hapa kwa kuwa vyama vingine vinaweza kuyafuata. Bei zilizomo ni za kizimba kile na kwa majuma yale tu.

"Fundi wangu, salaam.

Nimekutumia picha moja iitwayo kizimba14.jpg. Nimeituma kama hati, si kama picha ya kawaida, ili isipungue ubora. Kulia na kushoto ninakotaja ni kwa mtu anayeitazama picha. Magunia sita ya mbele nimeyahesabu kutoka kushoto: 1 mchele mzima, 2 mchele wa chenga, 3 maharage ya njano, 4 maharage mekundu, 5 mahindi meupe, 6 karanga. Kama unaona tofauti na hivyo, usianze kazi. Niulize kwanza.

Vitu vya kuondoa:
1. Ndoo ya bluu iliyo chini, mbele ya gunia la 5. Ondoa na kivuli chake. Mahali pake paonekane udongo na kitako cha gunia.
2. Ufagio ulioegemea nguzo ya kulia. Nguzo ibaki nzima.
3. Tangazo lililochanika ukutani, juu ya kichwa changu. Mahali pake paonekane ukuta mtupu. Namba 14 iliyopakwa rangi pembeni yake ibaki.
4. Mwanamke mwenye mtoto ukingoni kulia. Usiwafute, kata picha kabla yao. Baiskeli iliyo nyuma yao itaondoka pamoja nao.

Vitu vya kuacha kama vilivyo: mizani na stika yake, namba 14, rangi ya nafaka zote, na vilele vya magunia. Picha yote unaweza kuitia mwanga kidogo kama ina giza, lakini usiung'arishe mchele peke yake.

Vibao vya bei, vyeupe vyenye maandishi meusi, kimoja mbele ya kila gunia, vyote kimo kimoja, visifunike nafaka:
Gunia la 1: 'MCHELE MZIMA, Sh. 3,000 kwa kilo'
Gunia la 2: 'MCHELE WA CHENGA, Sh. 2,200 kwa kilo'
Gunia la 3: 'MAHARAGE YA NJANO, Sh. 3,600 kwa kilo'
Gunia la 4: 'MAHARAGE MEKUNDU, Sh. 2,900 kwa kilo'
Gunia la 5: 'MAHINDI MEUPE, Sh. 1,200 kwa kilo'
Gunia la 6: 'KARANGA, Sh. 4,000 kwa kilo'
Chini ya picha yote: 'Bei hizi ni za tarehe 3 hadi 16 Machi 2025.'

Naomba nipate picha moja yenye bei, picha moja isiyo na bei, na faili la .psd lenye vibao katika matabaka yake. Tumepatana marekebisho mara mbili ndani ya malipo yaleyale, nusu sasa na nusu nikishakagua. Ahsante, mwanangu."

Maagizo hayo si marefu, wala hayahitaji elimu ya picha. Msomaji ataona kwamba hakuna mahali fundi anapoachiwa kukisia jambo linalohusu fedha.

Swali la fundi na maana yake

Siku hiyohiyo fundi alijibu hivi: "Shikamoo Mama. Nimepokea, na magunia yote sita nimeyaona kama ulivyoyahesabu. Ila kuna debe limesimama kando ya gunia la mahindi, nawe umeandika bei ya kilo. Debe nilifute au nikiandike kibao kwa debe?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko fundi alivyodhani. Debe ni chombo cha ujazo cha lita 20. Ujazo uleule hubeba kilo zaidi au pungufu kulingana na nafaka, ukavu wake na namna ilivyoshindiliwa. Mnunuzi anayeona debe kando ya mahindi na kusoma bei ya kilo hawezi kujua atapimiwa kwa kipi. Mwenye kizimba alijibu: "Marahaba, mwanangu. Debe lile ni la kuchotea tu kutoka stoo, kupima tunapima kwa mizani. Lifute." Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa sababu lilikuwa la kweli. Lau angekuwa anauza kwa debe, kulifuta kungekuwa kuficha kipimo, na debe hilo lingeingia katika fungu la tatu. Kitu kimoja, basi, chaweza kuwa kikorokoro kizimbani kwa huyu na ushahidi kizimbani kwa yule. Fundi hawezi kulijua hilo peke yake. Ni mwenye kizimba anayejua.

Fundi anayeuliza maswali ya namna hii asionekane msumbufu. Ni afadhali kungoja jibu nusu siku kuliko kuingia katika shauri la shilingi 120,000.

Kuikagua kazi kabla ya kumaliza malipo

Picha iliporudi, mwenye kizimba hakuitazama mara moja na kusema imependeza. Alifuata hatua tatu, nazo tunazipendekeza kwa kila mmoja.

Hatua ya kwanza ni kusoma bei kwa watu wawili. Mmoja hushika maagizo na mwingine picha. Mwenye picha husoma kila kibao kwa sauti, jina, kiasi na kipimo, naye mwenye maagizo hutia alama. Asisome mwandishi wa maagizo, kwa kuwa jicho lake litaona alichokusudia badala ya kilichoandikwa. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba kibao cha gunia la 5 kilisomeka "Sh. 1,20 kwa kilo". Sifuri moja ilikuwa imedondoka.

Hatua ya pili ni kuikuza picha kwenye simu na kupitia kila mahali palipofutwa kitu. Dalili za kufuta vibaya ni tatu. Ya kwanza ni alama inayojirudia: kokoto moja au doa moja la ukutani linaonekana mara mbili au tatu karibu karibu. Ya pili ni mstari uliopinda: ukingo wa meza au nguzo ulionyooka unaingia ndani au unakatika pale kitu kilipokuwa. Ya tatu ni kivuli kisicho na mwenyewe. Katika picha ile ndoo ilikuwa imeondoka lakini kivuli chake kilibaki, na jua lilikuwa kulia hata vivuli vyote vikalala kushoto, ila vivuli vya vibao vipya vililala kulia. Kasoro kama hizo hazimpi mtu hasara ya fedha moja kwa moja. Lakini mnunuzi akiziona hujua picha imechezewa, na hapo huanza kushuku hata bei na mizani.

Hatua ya tatu ni kuishika simu kwa urefu wa mkono, picha ikiwa haijakuzwa. Kama bei haisomeki hivyo, haitasomeka kwa mtunza stoo mwenye shughuli nyingi. Hapo vibao viongezwe ukubwa au picha ikatwe karibu zaidi na magunia. Tukumbuke kwamba kibao cha picha ni cha picha. Wale wanaopenda kuchapa vibao hivyohivyo na kuvisimamisha mezani watumie herufi kubwa zaidi. Kipimo cha mafundi wa mabango ni herufi yenye kimo cha sentimeta mbili na nusu kwa kila mita tatu za umbali wa msomaji.

Makosa yote matatu, yaani sifuri, kivuli cha ndoo na vivuli vya vibao, yaliandikwa kwa namba na kurudishwa kwa fundi kama marekebisho ya kwanza. Picha ya pili ilikuwa sahihi, na malipo yakakamilishwa.

Kumbukumbu za chama

Pale ambapo oda za wanunuzi wakubwa hupitia chama, katibu ahifadhi vitu vitatu kwa kila picha iliyotumwa: maagizo ya mwenye kizimba, picha ya awali kabla ya kuguswa na fundi, na picha iliyopelekwa kwa mnunuzi pamoja na tarehe ya kupelekwa. Viwekwe katika jalada moja na oda yenyewe. Bei za picha zilinganishwe na bei zilizo katika daftari la mauzo la wiki hiyo, na picha ambayo tarehe zake zimepita isitumwe tena, hata kama bei hazijabadilika. Itengenezwe nyingine yenye tarehe mpya kutoka katika faili la matabaka.

Katika ukaguzi, likitokea shauri la bei, hati hizo tatu ndizo zitakazoombwa kwanza. Kwa maagizo tutajua mwanachama alikusudia nini. Picha ya awali itatuonyesha kilichokuwapo kizimbani siku ile, nayo picha iliyotumwa ni ahadi aliyopewa mnunuzi. Zikipatana, shauri humalizika mezani.